Simu imekamatwa darasani: sera ya shule inasema nini kuhusu saa inayofuata?

Tangu Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 lizinduliwe Dodoma mwanzoni mwa Februari 2025, kuna mabishano ambayo hayaishi kwenye vikao vya wazazi. Mmoja anasimama na kuuliza: kama serikali inahimiza TEHAMA shuleni, iweje mtoto wangu arudishwe nyumbani kwa kukutwa na simu? Wa pili anamjibu kwamba hata Ufaransa walipiga marufuku mwaka 2018 na Uholanzi wakafuata 2024, sembuse sisi. Wa tatu amechoka na wote wawili: simu zimekatazwa siku zote, fomu ya kujiunga imesema, tuendelee na ajenda ya chakula.

Ukisikiliza vizuri, hao watatu hawazungumzii jambo moja. Wa kwanza anazungumzia kifaa cha kufundishia, ambacho kinaweza kuwa kompyuta ya shule au kishikwambi cha mwalimu. Wa pili anazungumzia uamuzi wa nchi. Wa tatu ana mstari mmoja tu wa katazo, na mstari huo ndio shule nyingi zinaouita sera. Makala hii inaeleza kile kinachokosekana kwenye mstari ule, na kwa nini shule inayouandika vizuri hupunguziwa ugomvi mwingi na wazazi.

Tuanze na maneno. Katazo linasema kitu gani hakitakiwi. Kanuni zinasema nani afanye nini, wapi na saa ngapi. Sera ya shule ni maandishi yaliyopitishwa na bodi ya shule, kurasa tatu au nne zinatosha, yanayobeba kanuni hizo pamoja na mambo mengine matatu: kwa nini tumeamua hivi, nini kinafuata mtu akivunja, na lini tutakaa tena kuangalia kama imefanya kazi. Sera haipiti juu ya sheria za nchi. Shule haiwezi kujipa kwa maandishi yake mamlaka ambayo Bunge halikuipa, na hapa ndipo nyingi zinapojikwaa bila kujua.

Halafu kuna neno “simu” lenyewe. Rasimu isipolifafanua, mwanafunzi atakusaidia kulifafanua siku ya kukamatwa. Atakuambia hiki si simu, ni kishikwambi. Hii ni saa. Mimi nina laini tu, simu si yangu. Na kweli, kwenye mabweni simu moja huweza kutumiwa na wanafunzi sita, kila mmoja na laini yake ameishonea kwenye pindo la sketi au ameiweka ndani ya kifuniko cha kalamu. Kwa hiyo andikeni wazi: kifaa chochote kinachopiga simu au kinachounganishwa na mtandao, kikiwa kitochi, simu janja, kishikwambi au saa janja, pamoja na laini na kadi ya kumbukumbu hata zikikutwa peke yake.

Neno la tatu la kuangalia ni kitendo. Fomu nyingi za kujiunga na sekondari zinaweka kwa pamoja “kumiliki, kukutwa au kutumia simu ya mkononi katika mazingira ya shule”, tena kwenye orodha moja na wizi, ulevi na kupigana, makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu shule. Lakini haya ni mambo matatu tofauti. Kijana wa Kidato cha Sita mwenye miaka 19 anaweza kumiliki simu iliyopo nyumbani kwao Mbagala, na hakuna alichoikosea shule. Aliyekutwa na kitochi kimezimwa chini ya begi hajafanya sawa na yule aliyekuwa akimrekodi mwalimu. Sera ikiwahukumu wote kwa kipimo kimoja, mwalimu mwenye huruma ataanza kufumba macho, na mwalimu mkali ataonekana ana chuki. Shule isiandike kosa la kumiliki. Iandike mahali na wakati: simu isiwepo wapi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi.

Sababu: zile mnazoweza kuzionyesha

Sehemu ya sababu ndiyo huandikwa kwa haraka kuliko zote, na kwa kawaida hujaa maneno kama “mmomonyoko wa maadili”. Mzazi hawezi kuyapinga maneno hayo wala kuyapima, na mwaka ukiisha hakuna atakayejua kama yamepungua.

Kuna imani kwamba marufuku peke yake yatapandisha ufaulu. Utafiti uliotajwa sana ni ule uliotolewa mwaka 2015 kuhusu shule za sekondari za London, Birmingham, Leicester na Manchester. Uliona matokeo yalipanda kiasi baada ya simu kupigwa marufuku, na waliofaidika hasa ni wanafunzi waliokuwa nyuma. Wale waliokuwa wakifanya vizuri hawakubadilika. Baadaye watafiti wa Sweden walipima jambo hilohilo kwenye shule zao na hawakuona tofauti. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu iliunga mkono kuziweka simu mbali pale zisiposaidia kujifunza, ila haikusema kwamba kuziondoa ni dawa ya kila kitu. Kwa hiyo msiwaahidi wazazi daraja la kwanza.

Andikeni sababu ambazo shule yenu inazo kweli. Vipindi vinakatizwa na simu kuita. Wanafunzi wa hosteli wanalala saa nane za usiku. Kuna wizi wa simu kila mwezi, na kila wizi unamaliza siku nzima ya mwalimu wa nidhamu. Kuna wasichana waliopigwa picha bafuni. Kila moja ya hizi inaweza kuhesabiwa, na tutaihitaji hesabu hiyo mwishoni.

Kanuni: tuichukue shule ya mfano

Tuseme ni sekondari ya kata yenye wanafunzi 600. Wengi ni wa kutwa, baadhi wanatembea kilomita saba au nane na kutoka nyumbani kabla hakujapambazuka, na wasichana 80 wanakaa hosteli. Mzazi wa binti anayepita njia ya mashamba gizani anampa kitochi, na anajua kabisa kwamba fomu imekataza. Anachagua kati ya hofu mbili. Katazo lisilompa njia ya tatu litavunjwa kila asubuhi, na mtoto atajifunza kuficha.

Njia ya tatu ipo. Mzazi anajaza fomu maalumu ya ruhusa, akitaja namba ya laini na sababu. Mtoto akifika getini anaizima simu, anamkabidhi mwalimu wa zamu kabla ya mstari, na anapewa kibandiko chenye namba, kama mzigo unavyowekewa namba kwenye buti la basi na wewe ukabaki na kipande chako. Fundi cherehani anaweza kushona kitambaa kizito chenye vijifuko 50 vilivyoandikwa namba, kikakunjwa na kufungiwa kwenye kabati la chuma. Wanafunzi 40 wenye ruhusa, kila mmoja akichukua sekunde kumi, wanamalizika chini ya dakika saba. Masomo yakiisha, kibandiko kinarudi na simu inatoka. Simu janja haina nafasi kwenye mpango huu, kwa sababu hoja iliyoufungua ni usalama wa njiani, na kwa hilo kitochi kinatosha.

Shule ya serikali isianzishe utaratibu kama huu kimyakimya. Unalegeza katazo lililomo kwenye fomu ya kujiunga, hivyo rasimu ipelekwe kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri kabla bodi haijaipigia muhuri. Akikataa, angalau shule imeandika tatizo, na italazimika kulijibu kwa njia nyingine: watoto kutembea kwa makundi, au mzazi mmoja wa mtaa kuwa na namba ya mwalimu.

Kwa wale wa hosteli hakuna simu ya mwanafunzi kabisa, lakini iwepo simu ya shule kwa matroni, yenye namba iliyochapwa kwenye fomu ya kujiunga na saa zinazojulikana za kupiga na kupigiwa. Shule inayomwondolea mtoto simu inakuwa imebeba wajibu wa kupatikana. Nimesikia wazazi wakilalamika kuhusu namba ya shule inayoita wiki nzima bila kupokewa. Wazazi hao ndio wanaopenyeza simu kwenye ndoo ya sabuni siku ya kufungua shule.

Isomeke pia nani yuko nje ya kanuni hii. Mwanafunzi mwenye uoni hafifu anayekuza maandishi ya ubaoni kwa kamera ya simu, au mwenye kisukari anayepima sukari kwa kifaa kinachosoma kwenye simu, hahitaji huruma ya mwalimu wa siku hiyo. Anahitaji jina lake liwe kwenye orodha inayofahamika na walimu wote wanaomfundisha.

Na walimu? Rasimu nyingi hukwepa hapa. Mwalimu anayejibu ujumbe huku Kidato cha Pili wakinakili ubaoni ameivunja sera machoni pa watu 50. Pia yuko yule anayetuma kazi ya nyumbani kwenye kundi la WhatsApp la darasa usiku, halafu asubuhi anawachapa waliokutwa na simu. Kama kazi zinapita huko, ziende kwenye simu za wazazi na ziandikwe pia ubaoni. Vilevile picha za wanafunzi zisipandishwe mtandaoni bila idhini ya mzazi. Kenya, mwaka 2023, shule moja ya Nairobi ilitozwa zaidi ya shilingi milioni nne za huko na Kamishna wa Ulinzi wa Data kwa kutumia picha za watoto bila ridhaa ya wazazi wao. Sisi nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Saa moja baada ya kukamatwa

Sera nzima hupimwa hapa, na rasimu nyingi hapa zina sentensi moja: “simu itataifishwa”.

Turudi shuleni kwetu pa mfano. Ni Jumanne, Kidato cha Tatu, kipindi cha Fizikia. Simu inaita ndani ya begi la dawati la nyuma. Darasa linacheka. Mwalimu afanye nini?

Anamwomba mwanafunzi aitoe mwenyewe. Kabla haijazimwa, mwanafunzi anabonyeza *#06# na namba ya utambulisho ya simu inajitokeza kwenye kioo, mwalimu anainakili. Kisha mwanafunzi anaizima kwa mkono wake mwenyewe. Mwalimu haombi neno la siri, hafungui picha, hasomi ujumbe. Kipindi kinaendelea. Kengele ikilia, wawili hao wanakwenda kwa mwalimu wa nidhamu, na hapo daftari linafunguliwa.

Daftari hili ndilo roho ya jambo zima, kwa hiyo liandikwe kwa wino na kurasa zake ziwe na namba. Mstari wa siku hiyo utasomeka hivi: tarehe, kipindi cha nne, Kidato cha Tatu B, simu janja nyeusi, kioo kimepasuka kona ya juu kulia, laini mbili, kadi ya kumbukumbu ipo, namba ya utambulisho fulani, iliita ndani ya begi, haikuwa mkononi. Mwalimu aliyechukua anasaini, mwalimu wa nidhamu anasaini, mwanafunzi anasaini. Simu inaingia kwenye bahasha, bahasha inafungwa, na saini zinapita juu ya mdomo wake ili ikifunguliwa ijulikane.

Utaona ni urasimu mwingi kwa kitochi cha shilingi elfu ishirini na tano. Lakini fikiria mwisho wa muhula, mzazi anapokuja na kusema simu aliyomnunulia mwanawe ilikuwa nzima, na kadi ya kumbukumbu haipo. Bila ule mstari, neno la mwalimu linapambana na neno la mzazi, na mara nyingi mwalimu analipa. Nimeona droo ya ofisi iliyojaa simu zisizo na majina, nyingine betri zimevimba mpaka kifuniko cha nyuma kimeinuka, na hakuna mtu ofisini aliyejua hata moja ilikamatwa mwaka gani. Betri za simu zikirundikwa kwenye joto miezi na miezi huharibika hivyo, na iliyovimba inaweza kuwaka moto. Shule haina sababu ya kugeuka stoo ya vitu hivyo.

Mzazi apigiwe siku hiyohiyo kwa simu ya shule. Kuna sababu ya haraka hii ambayo walimu wengi hawaifikirii: laini iliyomo inaweza isiwe ya mtoto kabisa. Laini zetu husajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo laini ya mtoto mara nyingi imesajiliwa kwa jina la mama, kaka au shangazi. Huenda ndani yake mna M-Pesa ya mama mwenye genge. Shule ikiishikilia kwa muhula mzima, aliyeadhibiwa ni mama, na laini ikikaa muda mrefu bila kutumika inaweza kufungwa. Sera iseme wazi kwamba laini hurudishwa kwa mwenye nayo mara anapofika na kitambulisho, hata kama simu inabaki kwa siku zilizopangwa.

Sasa kuna yale madai mawili yanayosikika kila mahali. La kwanza ni kwamba simu ikishakamatwa inakuwa mali ya shule, kwa hiyo inaweza kuuzwa, kugawiwa au kupondwa kwa nyundo mbele ya paredi. Haiwi. Kushikilia kitu kwa muda ili kulinda nidhamu ni jambo moja, na kukigeuza chako ni jingine. Kuiponda ni kuharibu mali ya mtu kwa makusudi, na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inalihesabu hilo kuwa kosa, awe aliyeshika nyundo ni mkuu wa shule au kiranja. Tangazo lililobandikwa ukutani kwamba “simu itakayokamatwa itavunjwa” halibadilishi chochote.

La pili ni kwamba mtoto hana faragha mbele ya mwalimu. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu pamoja na mawasiliano yake ya binafsi, na haikuweka umri. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo imeweka kosa la kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini, na simu janja ni kompyuta. Mwalimu anayemlazimisha mwanafunzi afungue ili “tuone unachati na nani” anajiweka kwenye hatari bila faida, maana kosa alilokuwa analishughulikia limeshathibitika simu ilipoita.

Lipo jambo moja ambalo walimu wazuri huliharibu kwa nia njema, na rasimu ilipe aya yake. Tuseme msichana anakuja kwa matroni akilia: kuna picha yake ya utupu inazunguka, na ipo kwenye simu iliyokamatwa jana. Kishawishi ni kuifungua, kuipata picha, na kuituma kwa mkuu wa shule kama ushahidi. Hapo mwalimu ameisambaza picha ya mtoto ya aina hiyo, na sheria hiyohiyo ya 2015 haimuulizi alikuwa na nia gani njema. Picha isifunguliwe, isinakiliwe, isitumwe kwa mtu yeyote. Simu ibaki imezimwa ndani ya bahasha yake. Mkuu wa shule anawasiliana na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na afisa ustawi wa jamii, na wakichelewa kupatikana ipo namba 116 ya kusaidia watoto. Aliye kwenye picha anahudumiwa kama mtoto aliyedhurika. Kwenye shule ambazo hazijaandika hili, mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kurudishwa nyumbani.

Kuhusu misako ya mabweni, maneno machache yanatosha. Wawepo watu wazima wawili, wa jinsia ileile na wanafunzi. Mwenye begi awepo linapofunguliwa. Hakuna kuvua nguo, kwa hali yoyote ile.

Adhabu

Tukishatenganisha vitendo, ngazi ya adhabu inajipanga. Kukutwa na simu iliyozimwa mara ya kwanza: mzazi anaitwa, anaichukua, barua ya onyo inaingia kwenye faili. Kuitumia, au kukutwa mara ya pili: simu inashikiliwa siku 14, mwanafunzi anapewa kazi ya shule baada ya vipindi. Kurekodi watu bila ridhaa yao, au kukutwa mara ya tatu: kamati ya nidhamu, mzazi akiwepo, na mwanafunzi apewe nafasi ya kujieleza kabla uamuzi haujaandikwa. Siku 14 si namba takatifu. Bodi inaweza kupanga saba au 21, ila muda uwe na mwisho unaojulikana, maana “mpaka utakapomaliza shule” ni kutaifisha kwa jina la kistaarabu.

Kusimamisha na kufukuza shule kuna kanuni zake za kitaifa za mwaka 2002, na si jambo la kuamuliwa na mwalimu wa zamu akiwa na hasira. Viboko pia vina kanuni zake za mwaka huohuo: ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, visizidi vinne, hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemkasimu kwa maandishi, na huandikwa kwenye kitabu. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina. Binafsi sioni kitochi kilichozimwa kikifikia kiwango cha kosa kubwa, na ningependa rasimu isikitaje kiboko kabisa kwa suala hili. Bodi ikiamua kukiweka, basi iandike na mipaka hiyo yote, isiandike tu “adhabu kali itatolewa”.

Faini isiwemo. Shule inayodai elfu thelathini ili irudishe simu inajenga kishawishi cha kukamata zaidi, na fedha hizo huishia bila stakabadhi.

Mtihani wa taifa ni habari nyingine. Simu ndani ya chumba cha mtihani wa NECTA huhesabiwa kuwa udanganyifu, na mtahiniwa anaweza kufutiwa matokeo yote. Sera ya shule haiwezi kupunguza hilo kwa sababu uamuzi si wake. Kazi yake ni kuhakikisha kila mtahiniwa, pamoja na yule mwenye ruhusa ya getini, amelisikia kabla ya siku ya kwanza ya mtihani.

Mapitio

Mapitio yawekewe mwezi na mtu. Novemba ni mwezi mzuri, kwa kuwa marekebisho yatawahi fomu za kujiunga za Januari. Mtu ni katibu wa bodi, ambaye kwa sekondari ni mkuu wa shule, akisaidiwa na mwalimu wa nidhamu, mwakilishi wa wazazi na viranja wawili. Viranja wawepo kweli, kwa sababu wao wanajua simu zinafichwa wapi na kwa nini.

Wanachofanya ni kusoma daftari. Tuseme mwaka huu lina mistari 31. Ukihesabu, 19 ni ya hosteli, na kati ya hiyo 14 ni ya Ijumaa jioni hadi Jumapili. Mstari mmoja mmoja hausemi kitu, lakini ikisomwa pamoja inaonyesha kwamba wasichana wengi wanatafuta kuongea na nyumbani mwisho wa wiki, na simu ya matroni haitoshi au haipokewi. Kuongeza adhabu hapo hakutasaidia. Kuongeza simu ya pili na ratiba ya dakika tano kwa kila mmoja Jumamosi kunaweza kupunguza mistari hiyo, na Novemba ijayo itaonekana kama imepunguza.

Angalieni pia nani aliyeandika. Kama mistari 22 kati ya 31 imeandikwa na mwalimu mmoja, si lazima yeye awe mkali mno. Huenda wenzake wameacha kukamata, ama kwa uvivu, ama kwa sababu wanaona kanuni haina haki. Waulizwe kikaoni. Na kama waliokamatwa karibu wote ni wa mikondo ya chini, au wavulana pekee, kuna jambo kuhusu misako inavyofanywa, wala si lazima liwe kuhusu wanafunzi. Kisha mrudi kwenye zile sababu za mwanzo: vipindi bado vinakatizwa? Wizi wa simu umepungua? Sababu isiyopata hata mstari mmoja kwenye daftari mwaka mzima iondolewe kwenye sera au itafutiwe kipimo kingine.

Kabla kikao hakijafungwa kuna bahasha za kushughulikia, zile ambazo siku zake zimepita na hakuna aliyezifuata. Mzazi wa kila moja apigiwe tena na kuandikiwa barua, nakala ibaki kwenye faili. Mwanafunzi akimaliza Kidato cha Nne, bahasha yake itolewe pamoja na barua ya tabia, asaini daftari kwamba ameipokea. Zitakazobaki bila mwenyewe, bodi iandike kwenye muhtasari kwamba zipo ngapi na za namna gani, kisha zipelekwe kituo cha polisi kama mali iliyookotwa, kwa hati ya makabidhiano.